Mume wangu ana diplome ya umeme ya Kongo, hapa Tanga haitambuliki. Tuanzie wapi?

Mama Shukurani
Salaam wanajukwaa. Naomba ushauri, na naomba msinitukane, maana kwenye kundi moja la wasapu niliuliza hivi hivi nikaambiwa nimrudishe kwao.

Mume wangu ni Mkongo wa Uvira. Amesoma shule ya ufundi huko, sekondari yao ya miaka sita, akafanya mtihani wa taifa na kupata wanachokiita diplome ya Leta, fani ya umeme. Kabla hatujaoana alikuwa akitengeneza mota za pampu na mashine za kusaga. Sasa tunaishi Makorora na ana karatasi halali ya kukaa nchini, lakini imeandikwa wazi kwamba haimruhusu kufanya kazi.

Kila anapokwenda anaambiwa mambo mawili. Kwanza, hiyo diplome hatuijui. Pili, huna leseni ya EWURA. Kwa hiyo anamfanyia kazi mtu mwenye muhuri. Juzi wamemaliza nyumba ya vyumba vinne huko Duga. Mwenye nyumba alitoa laki nne za ufundi. Mume wangu ndiye aliyepitisha paipu, akavuta nyaya, akafunga DB, lile boksi la breka, akapima. Kapewa laki na ishirini. Mwenye muhuri alikuja siku moja kusaini ramani ya wiring ya kupeleka TANESCO, na hata darini hakupanda.

Je, kuna njia ya cheti chake kutambuliwa ili apate leseni yake mwenyewe? Au arudi shule kidato cha kwanza?

Jirani_wa_Jumuiya
Dada, mbona rahisi. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Soko la Pamoja linaruhusu wafanyakazi kwenda popote. Mumeo hahitaji kibali chochote, anaonewa tu. Aende ofisini na pasi yake adai haki yake.

Pwani_Raha
Pole dada. Mwambie aende VETA, kozi fupi ya umeme wa majumbani zipo, miezi michache tu anakuwa fundi.

Mama Shukurani
@Pwani_Raha ahsante, ila fundi tayari ni fundi. Hatutafuti kujifunza, tunatafuta kutambuliwa.

Mzee wa Barabara ya 12
Mwanangu Mama Shukurani, mimi ni mkandarasi wa umeme hapa Ngamiani, leseni yangu ni ya siku nyingi, na nimewahi kukaa na vijana wa Burundi na Kongo wawili watatu. Nitakujibu taratibu.

Kwanza huyo bwana wa Jumuiya. Kasema nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja ipo kweli tangu 2010, lakini kila nchi iliweka jedwali lake la kazi inazofungua na lini, na hata kazi iliyofunguliwa bado inataka kibali. Halafu kuna mikataba ya kutambuliana taaluma. Hiyo ni ya wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi, madaktari wa mifugo. Fundi wa nyaya hayumo. Mumeo akienda ofisini kudai kwa kutaja Jumuiya, atakuwa amejitaja mwenyewe kwamba anafanya kazi bila kibali. Asifanye hivyo.

Sasa lako. Hapa yamefungana mambo matatu, na watu huyachanganya ndiyo maana wanazunguka miaka. Kuna ruhusa ya kufanya kazi, ambayo ni ya Kamishna wa Kazi, na ukaazi ni wa Uhamiaji. Kuna thamani ya cheti, yaani hiyo diplome inalingana na kitu gani cha hapa. Na kuna leseni ya kufunga umeme, ambayo ni ya EWURA. Moja halileti jingine. Mtu anaweza kupata barua nzuri kabisa ya ulinganifu wa cheti na bado asiruhusiwe kushika bisibisi kwa malipo. Na anaweza kuwa na kibali cha kazi bila leseni, akawa fundi wa matengenezo kiwandani, kwa sababu kiwandani yeye ni mwajiriwa, hapeleki ramani TANESCO kwa jina lake.

Hapo ndipo nataka uanze kufikiri. Ndoto ya leseni yake mwenyewe ya majumbani ni ndefu. Mlango wa karibu zaidi kwake ni kuajiriwa, hasa kama mota anazijua kama unavyosema.

Mama Shukurani
Mzee wangu shikamoo, na ahsante sana. Sasa hiyo thamani ya cheti tunaipata wapi? Tuliuliza Tume ya Vyuo Vikuu, wakasema hawashughuliki na hicho.

Mzee wa Barabara ya 12
Marahaba. Ndiyo, TCU wanaangalia shahada. Diplome ya Leta jina lake linawachanganya watu hapa. Sisi tukisikia diploma tunafikiri ya chuo, miaka mitatu baada ya sekondari. Yao ni ya kumaliza sekondari, tena ya upande wa ufundi. Basi akiipeleka kama diploma ya chuo itakataliwa, na akiipeleka kama cheti cha shule tu atapoteza ule ufundi wote uliomo.

Kwa kawaida upande wa shule ni NECTA, wanatoa barua ya ulinganifu wa cheti cha nje. Upande wa ufundi ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kijana wangu mmoja wa Bujumbura alitumwa huku akarudishwa kule, kwa sababu masomo ya karakana yalikuwa kwenye ripoti za shule na hayakuwa kwenye cheti. Kilichomkwamua ni zile ripoti za kila mwaka zenye saa za vitendo. Mwulize mumeo kama anazo. Kama hana, mtu wa Uvira akamwombee shuleni nakala yenye muhuri wa shule.

MwlHorohoro
Nichangie kidogo kutoka upande wangu. Mimi ni Mkenya, nimeolewa huku Mkinga, nilipitia NECTA na cheti changu cha kidato cha nne cha Kenya. Mimi haikuwa shida kwa sababu kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza na mfumo unajulikana. Shida yangu ilikuwa baada ya hapo, barua ya NECTA ninayo kwenye fremu ukutani na kazi sina! Shule binafsi iliyonitaka iliposikia lazima wao ndio waniombee kibali na walipie, wakanyamaza.

Ila nataka kuuliza, cheti cha mumeo ni cha Kifaransa. Mmeshatafsiri?

Mama Shukurani
Kuna kijana stesheni alitutafsiria kwa elfu kumi.

Mzee wa Barabara ya 12
Hiyo tupeni. Watafute mtafsiri anayekubalika na ofisi, anayeweka jina, sahihi na muhuri wake, na tafsiri iambatane na nakala ya cheti chenyewe. Kwa Wakongo ni vizuri cheti kithibitishwe na ubalozi wao Dar kabla ya kuanza safari za ofisi.

Na kabla ya kutafsiri chochote, kaeni mezani mlinganishe majina. Wakongo wana majina matatu kwa mpangilio wao: jina, jina la pili la asili, halafu lile la ubatizo. Fomu zetu zinataka jina la kwanza, la kati, la ukoo. Kwenye diplome anaanza na la ukoo, kwenye pasi la ubatizo liko pembeni, kwenye cheti cha ndoa karani kaandika alivyosikia. Ofisa akiona hivyo anaona watu watatu. Nendeni kwa wakili mle hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, halafu mtafsiri aambiwe asihamishe mpangilio.

Mama Shukurani
Yaa Rabi. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Cheti cha ndoa kina herufi moja tofauti na pasi. Na jambo jingine, yeye hana diplome yenyewe mkononi. Ana karatasi inayosema amefaulu, yenye asilimia 61. Diplome haijawahi kutoka.

Mtu wa Kasulu
Hiyo ni kawaida kwetu. Miye pia nilimaliza, nikapewa hiyo karatasi ya kufaulu, diplome yenyewe ilichelewa miaka. Wengine hawajaipata mpaka leo. Niko nasoma uzi huu na nina swali langu. Niko mkimbizi mwenye kadi, Nyarugusu. Nasikia Tanga kuna kazi ya bomba la mafuta Chongoleani. Naweza kuja?

Jirani_wa_Jumuiya
Njoo tu ndugu, ukifika mjini hakuna anayekuuliza.

Mzee wa Barabara ya 12
Wewe bwana unampeleka mwenzio mahabusu.

Mtu wa Kasulu, wewe swali lako si la mume wa Mama Shukurani hata kidogo. Mkimbizi yuko chini ya sheria ya 1998, anatakiwa aishi eneo lililotengwa na akitoka awe na ruhusa ya maandishi kutoka ofisi ya makazi huko huko. Ukikamatwa Tanga bila ruhusa, shida yako haitakuwa kazi tena. Kibali cha kazi cha mkimbizi kipo kwenye sheria, kina daraja lake, E. Lakini sijawahi kukutana na fundi aliyeshika karatasi hiyo hapa mjini. Uliza kwanza kambini, na usiandike humu mambo ya safari zako.

Mzigua wa Chogo
Mimi naomba niseme. Sisi Wazigua tuliotoka Somalia tulikaa Mkuyu, tukahamishiwa Chogo huko Handeni, na serikali ikatupa uraia. Tangu hapo hakuna wa kukuuliza kibali. Lakini baba yangu alikuwa fundi mashine kule Somalia, karatasi zote zilipotea vitani. Alipopata uraia, cheti bado hana. Akaishia kulima. Kwa hiyo dada hata mumeo akipata uraia, cheti kitabaki pale pale. Mwombeeni uraia, lakini msisahau cheti.

Mama Shukurani
Uraia nao nimeuliza. Nimeambiwa ningekuwa mimi ndiye Mkongo na yeye Mtanzania, sheria inampa mke haki ya kuomba kwa ndoa. Mume wa kigeni hapati kwa njia hiyo, asubiri aombe kama mgeni mwingine. Sijui hili ni kweli?

Mzee wa Barabara ya 12
Ni kweli. Sheria ya uraia ya 1995 imeandika mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume hakutajwa.

Fundi Mtaa wa Pili
Haya yote ya nini? Nina mtu wa cheti cha VETA, kinatoka wiki moja, kina namba na kila kitu. PM.

Modi
Ujumbe wa aina hii nitaufuta na anayeutuma atafungiwa. Huu nimeuacha ili jibu la chini lieleweke.

Mzee wa Barabara ya 12
Uache kabisa, watu wausome. Namba ya cheti inaulizwa kwa waliokitoa. Mtanzania akikamatwa na cheti cha kughushi ana kesi. Mgeni ana kesi na kufukuzwa nchini juu yake. Hawa ndio vishoka wanaotuharibia kazi.

Bi Ajira Pongwe
Nimekuja kuchelewa. Nafanya kazi ofisi ya rasilimali watu kwenye kiwanda upande wa Pongwe, sitataja kipi. Mzee kasema vizuri lakini niongeze upande wa mwajiri, kwa sababu watu hudhani mfanyakazi ndiye anaomba kibali. Anayeomba ni mwajiri. Na kibali kinafungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo, ukihama unaanza upya.

Tuliwahi kumchukua fundi umeme wa kigeni mwenye cheti kama hicho cha mumeo. Tulimtaka kwa sababu moja tu: tulikuwa na mota kubwa za zamani za tanuri, na waliokuja kwenye usaili walijua wiring za nyumba, hawakujua kusoma mchoro wa kuwasha mota kwa nyota na delta. Yeye tulimpa mchoro wenye kosa, akaliona kabla hajamaliza chai. Lakini kujua hakukutosha. Tulilazimika kuonyesha kwamba tulitangaza nafasi na Mtanzania mwenye ujuzi huo hakupatikana. Tukaweka mkataba, cheti kilichotafsiriwa, barua za kazi zake za zamani, na mpango wa kurithisha, yaani jina la kijana Mtanzania atakayefundishwa na kuishika kazi ile. Ukiandika mpango wa kurithisha kwa maneno matupu bila ratiba, unarudishiwa faili. Kibali kilikuja cha miaka miwili, kinaongezwa, lakini kwa ujumla hakivuki miaka mitano.

Kwa hiyo dada, mumeo akienda kwa mwajiri aseme nini? Asiseme nina diplome. Aende na kile ambacho fundi wa kawaida wa hapa hana. Mota, pampu, mitambo ya kuendeshea. Kwa wiring za majumbani hakuna mwajiri atakayethibitisha kwamba Mtanzania hakupatikana. Hapa mjini wamejaa.

Mama Shukurani
Bi Ajira ubarikiwe. Alikuwa na wazo jingine la kufungua kibanda hapa Makorora cha kutengeneza simu na redio wakati tunasubiri. Vifaa anavyo.

Bi Ajira Pongwe
Hapana! Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia biashara kumi na tano, na kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki imo. Faini yake haipungui milioni kumi au kifungo hadi miezi sita, na kibali na viza vinafutwa. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Ukikiandika kibanda kwa jina lako na yeye ndiye anakaa ndani anatengeneza, mnaingia wote wawili.

Mama Shukurani
Nilikuwa nimeshalipia kodi ya mwezi. Basi.

Pwani_Raha
Mimi bado nasema VETA. Na msinicheke. Si wana ule utaratibu wa kupima mafundi wa mtaani bila kusoma?

Mzee wa Barabara ya 12
Sasa umesema la maana. Ule wa utambuzi wa ujuzi. Anajaza fomu, analeta ushahidi wa kazi zake, picha na barua za watu aliowafanyia, anahojiwa, halafu anapewa kazi ya kufanya mbele ya mpimaji. Akifaulu anapata cheti cha hapa cha kiwango alichofikia, na hapo ile diplome inakuwa nyongeza tu. Ila utaratibu ule ulitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa Kitanzania. Aende VETA Tanga na karatasi yake ya ukaazi aulize wazi kama wanampokea asiye raia, kabla ya kulipa hata shilingi.

Na wakimpokea, asiende na kiburi cha Uvira. Nimewaona mafundi wazuri wa Kifaransa wakianguka hapa kwa jambo moja. Kwao soketi zinapangwa kwa mstari, kila mstari na breka yake ndogo, plagi haina fyuzi. Sisi tumerithi ya Waingereza: plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani, na soketi mara nyingi zinazungushwa ringi, waya wa 2.5 unatoka kwenye breka ya 32 unapita soketi zote unarudi pale pale. Kijana wa Bujumbura alifunga soketi zote zikawaka. Mpimaji akafungua DB, akatoa ncha mbili za ringi akapima kama zimeungana. Hazikuungana. Aliuacha mstari, ncha moja imeishia soketi ya mwisho, kwenye breka ya 32. Taa inawaka, redio inaimba, hakuna anayejua, lakini waya mmoja unabeba mzigo uliokusudiwa njia mbili, na breka inaweza isikatike mpaka waya uwe umeungua.

Kwa hiyo mumeo ajizoeze kupima ringi mwisho kwa mwisho kwa nyaya zote tatu, halafu apige mega ya volti 500, kupima kama umeme hauvuji kati ya nyaya, na asiridhike chini ya megaomu moja. Njoo naye karakana yangu, hilo namfundisha bure. Malipo ya kazi siwezi kumpa mpaka ruhusa ipatikane, asinielewe vibaya.

Bi Ajira Pongwe
Mzee hapo mimi natofautiana nawe. Kwa nini aanze na kipimo cha VETA? Muda na pesa vitaisha na kibali hana. Atafute mwajiri kwanza, mwajiri akikubali ndipo vyeti vifukuziwe, maana faili ndilo litasema linataka nini.

Mzee wa Barabara ya 12
Na mwajiri atamkubalije kwa karatasi ya Kifaransa isiyo na diplome nyuma yake? Wewe ulimpa mtu wako mchoro. Wangapi watampa mchoro? Wengi wanaangalia karatasi ya juu wanasema next.

Bi Ajira Pongwe
Wanaoangalia karatasi ya juu tu hawamwombei mgeni kibali hata akiwa na cheti cha VETA. Hao si wa kupoteza nauli.

MwlHorohoro
Mimi nilianza na cheti, mwajiri akakimbia. Ila sijui ningeanza na mwajiri ingekuwaje.

Mama Shukurani
Nimemsomea yote. Kiapo cha majina tunakifanya wiki hii kwa sababu hilo linahitajika njia zote mbili. Kaka yake yuko Uvira ataenda shuleni kuomba ripoti za karakana. Kuhusu mwenye muhuri, amesema anaacha, ingawa mwenye muhuri kapiga simu mara tatu leo, ana nyumba mbili Mwang'ombe.

Mzee, anauliza karakana ni Barabara ya 12 upande wa sokoni au wa baharini? Na anasema ringi anaijua, ila hajawahi kuipima kwa kuitoa ncha zote mbili.

Mzee wa Barabara ya 12
Nitakutumia maelekezo inboksi. Aje na tester yake mwenyewe, nataka kuiona.

Mtu wa Kasulu
Mimi nimeuliza ofisi ya makazi leo. Wamesema nirudi wiki ijayo na barua ya anayetaka kunichukua. Mwajiri gani ataniandikia barua hajawahi kuniona?